Mtwara hadi Mueda na kurudi: daftari moja, sarafu tatu

Haya yametolewa kwenye daftari la safari na picha za risiti. Ni safari ya watu wawili kutoka Mtwara mjini, kupitia Masasi na Daraja la Umoja, hadi Mueda upande wa Msumbiji na kurudi. Njiani gharama zilitajwa kwa shilingi, dola na metikali ya Msumbiji, na mwisho zilitakiwa jumla moja ya shilingi ili zigawanywe sawa. Viwango vilivyoandikwa humu ni vya wiki ile tu. Anayekwenda leo achukue utaratibu, viwango aulize upya.

Jumatatu: Mtwara – Masasi

Mfuko ulianza na shilingi 700,000 taslimu, na namba hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa daftarini. Bila kujua ulianza na ngapi, jumla ya mwisho haina kitu cha kuilinganisha nayo.

Benki zilipofunguliwa saa mbili na nusu tulinunua dola 90: noti moja ya 50 na mbili za 20. Kiwango kilikuwa shilingi 2,625 kwa dola, kwa hiyo zilitoka shilingi 236,250. Kibao cha benki huwa na safu mbili, ya kununua na ya kuuza, na safu hizo zimeandikwa kwa macho ya benki. Wewe unayetaka dola unasoma safu ya kuuza, ile yenye namba kubwa. Uihesabu pia ada kama ipo: gawa shilingi zote zilizotoka mfukoni kwa dola zilizoingia, na jibu hilo ndilo kiwango chako. Namba ya kibaoni haijui kama ulikatwa elfu mbili ya huduma.

Hizi 236,250 hazikuandikwa kama matumizi. Kubadilisha fedha ni kuhamisha hela kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na matumizi huja dola inapomtoka mtu mkononi. Ukiandika ununuzi wa dola kama gharama, kisha ukaandika tena nauli uliyolipa kwa dola hizohizo, hela moja imehesabiwa mara mbili.

Basi la Masasi liliondoka saa nne na ushei. Nauli 10,000 kila mtu. Mikindani, Mpapura, kisha Mnazi Mmoja ambako njia ya Lindi inajitenga na ya Masasi, na wauza korosho wanakimbilia madirisha kabla gurudumu halijasimama. Baada ya Ndanda ni mikorosho hadi miamba ya Masasi inapoanza kuonekana. Wali na samaki 4,000 sahani, chumba 20,000, vyumba viwili. Siku hiyo yote ni shilingi tupu: 20,000, 8,000 na 40,000, jumla 68,000.

Kwa ajaye: ndani ya Tanzania usikubali kutajiwa chumba kwa dola. Tangu 2025 kanuni zinakataza bei za huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo upande wetu hesabu inabaki ya sarafu moja.

Jumanne: Masasi – Mtambaswala – Negomano – Mueda

Chai na chapati za watu wawili 4,000. Gari hadi Mangaka, jingine hadi Mtambaswala, zote mbili 22,000 kwa wawili. Lami ni nzuri mpaka mpakani. Daraja la Umoja lina urefu wa mita 720 na lilifunguliwa Mei 2010 na Rais Kikwete na Rais Guebuza. Ruvuma wakati wa kiangazi ni mchanga mwingi kuliko maji.

Raia wa Tanzania haombi viza, lakini pasipoti inagongwa pande zote mbili, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu. Ofisa wa upande wa pili, mtu mpole, alitukumbusha saa: Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Mtambaswala saa tano, Negomano ni saa nne. Hilo lina maana sana siku ya kurudi. Na kabla ya kuvuka, waulize wanaotoka huko hali ya barabara na usalama siku hiyohiyo. Jimbo la Cabo Delgado limekuwa na mashambulizi tangu 2017, na habari ya juzi haitoshi.

Metikali tulizipata kwa mwenye duka Negomano, mama mmoja anayezungumza Kimakonde, Kiswahili na Kireno kwa zamu kutegemea aliyesimama mbele yake. Hatamki kiwango kwa metikali moja. Anataja kwa noti: “Noti ya mia tano ni elfu ishirini na mbili, mwanangu. Ukirudi nayo, nakupa elfu kumi na tisa.” Kauli hiyo ina viwango viwili, na vyote viwili viandikwe. Gawa 22,000 kwa 500 upate shilingi 44 kwa metikali, ndicho kiwango cha kununua. Gawa 19,000 kwa 500 upate 38, ndicho cha kurudisha. Tulitoa shilingi 220,000 tukapokea metikali 5,000, tukahesabu mbele yake kabla ya kuondoka kaunta.

Upande wa kuandika kiwango una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Shilingi 44 kwa metikali moja ni namba safi, unazidisha tu. Ukiigeuza, shilingi moja inakuwa metikali 0.0227, na hapo mtu huandika 0.02 ili mambo yawe mepesi. Kwa 0.02, shilingi zetu 220,000 zinakuwa metikali 4,400 badala ya 5,000, yaani 600 zimeyeyuka katika kukata desimali tu. Andika siku zote sarafu ngeni moja ni shilingi ngapi, na kila mstari wa daftari utakuwa wa kuzidisha, kamwe si wa kugawa. Daftari ambalo mistari mingine inazidishwa na mingine inagawanywa lina kosa linalosubiri usiku.

Chakula cha mchana Negomano, shima, yaani ugali wa huko, na matapa, mboga ya majani ya muhogo, metikali 300 kwa wawili.

Halafu gari. Dereva wa pikapu alitaja viti viwili vya ndani hadi Mueda kwa dola 40, “au metikali elfu mbili mia sita, mnavyopenda.” Bei mbili za kitu kimoja kwa sarafu mbili hazilinganishwi kwa kuzitazama. Zote zinapelekwa kwenye shilingi, kila moja kwa kiwango ulichoipatia. Dola 40 mara 2,625 ni shilingi 105,000. Metikali 2,600 mara 44 ni shilingi 114,400. Tukalipa noti mbili za ishirini, na tofauti ya shilingi 9,400 ikabaki mfukoni.

Sababu yake ni hii. Kwa viwango vyetu, dola moja ilitugharimu sawa na metikali 59.66, yaani 2,625 gawa kwa 44. Dereva aliihesabu dola kwa metikali 65. Anayeithamini dola yako zaidi ya 59.66, mpe dola. Anayeithamini chini ya hapo, mpe metikali. Namba hiyo moja ikiwa nyuma ya daftari, huhitaji kuanza hesabu upya kila unapotajiwa bei, na wala huhitaji kubishana.

Barabara ya Mueda ni ndefu, na sehemu zake za vumbi zinakula muda. Tulifika giza limeingia. Kuku wa kuchoma na pilipili, 500 kwa wawili. Nyumba ya wageni, vyumba viwili vya 900 kwa siku mbili, tulilipa zote mbele: 3,600.

Risiti ya nyumba ile ndiyo iliyotoa somo ambalo ni rahisi kulikosa. Imeandikwa 3.600,00 MT. Kwa uandishi wa Kireno nukta inatenga maelfu na mkato unatenga desimali, kinyume cha tulivyozoea. Mwalimu mmoja mkazi wa hapo, aliyekuwa anakula meza ya pili, aliona risiti ikipigwa picha akasema, “Ndugu, msije mkaiweka kwenye simu hivyo ilivyo. Itasoma tatu na nukta sita.” Ni kweli. Ukichapa 3.600 kwenye jedwali lililowekwa kwa mtindo wetu, linaihifadhi kama 3.6, na chumba cha siku mbili kinakuwa shilingi 158 na senti badala ya 158,400. Dalili yake ni mstari wa malazi ulio mdogo kuliko wa maji ya kunywa. Wakati wa kunakili, ondoa nukta zote kwanza, kisha mkato ugeuze nukta.

Jumatano: Mueda

Asubuhi noti ya dola 50 ilipelekwa benki. Waliomba pasipoti, wakatazama noti kwenye mwanga, wakatoa metikali 3,125, yaani 62.5 kwa dola. Hiyo ni zaidi ya 59.66, kwa hiyo metikali hizi zilipatikana kwa bei nafuu kuliko za mpakani. Lakini kwa daftari la shilingi, 62.5 si kiwango kinachohitajika. Kinachohitajika ni shilingi ngapi zilizaa metikali moja, na hapo unafuata njia nzima hela ilikopita: dola 50 zilinunuliwa Mtwara kwa shilingi 131,250, zikawa metikali 3,125. Gawa 131,250 kwa 3,125 upate 42 kamili.

Sasa mfukoni kuna metikali za aina mbili kihesabu, za 44 na za 42, ingawa noti ni zilezile. Wengi hapa huchukua katikati, 43. Si sawa, kwa sababu mafungu hayalingani: moja ni 5,000, jingine 3,125. Kama unataka wastani, jumlisha shilingi zote zilizotoka, 220,000 na 131,250, ugawe kwa metikali zote 8,125. Inatoka 43.23 na desimali nyingine nyuma yake. Sisi tulichagua njia isiyo na desimali: fungu lililotangulia kuingia litangulie kwisha. Mistari inapewa 44 mpaka metikali 5,000 ziishe, kisha 42.

Mpaka Jumanne usiku zilikwishatumika 300, 500 na 3,600, jumla 4,400. Fungu la kwanza lilibakiwa na 600. Chakula cha Jumatano kutwa kilikuwa 1,100, kwa hiyo mstari huo uliangukia mpakani mwa mafungu ukagawanywa: 600 kwa 44 ni shilingi 26,400, na 500 kwa 42 ni shilingi 21,000. Iandike kama mistari miwili. Ukiiacha mmoja utalazimika kubuni kiwango cha tatu.

Mchana ulikuwa wa kutembea mjini na kutazama wachongaji wakifanya kazi. Kinyago kidogo cha mpingo 500, chupa ya maji 25. Mchongaji alikataa kupunguza bei lakini akatufungia kinyago kwa gunia na kamba bila kulipisha, akasema pembe za mpingo huvunjika garini.

Alhamisi: Mueda – Negomano – Masasi

Gari la abiria la alfajiri, 800 kila mtu, 1,600 kwa wawili. Safari hii tulikaa nyuma, kwenye magunia, na mama mmoja alitugawia ndizi njia nzima. Kumbuka saa: ukiwahi Negomano saa saba mchana yao, Mtambaswala ni saa nane, na magari ya Mangaka hupungua jioni.

Zilibaki metikali 500, noti moja. Mama wa duka alitimiza kauli yake, akatoa shilingi 19,000. Noti hiyo ilitoka kwenye fungu la 42, kwa hiyo ilikuwa imetugharimu shilingi 21,000. Pengo la 2,000 ni gharama halali ya safari na linapewa mstari wake: “hasara ya kurudisha metikali”. Usilisambaze kwenye chakula, na usiliache. Kwa kawaida pengo hili ndilo linalofanya daftari likatae kukutana na mfuko, kwa kuwa hakuna risiti yake wala aliyelipwa.

Sarafu za chuma zitumieni kabla ya daraja. Mbadilisha fedha anataka noti.

Magari mawili hadi Masasi 22,000, chakula 8,000, vyumba 40,000. Jumla 70,000.

Ijumaa: Masasi – Mtwara

Chai 4,000, basi 20,000. Hakuna cha kueleza njiani zaidi ya pancha moja.

Kujumlisha

Jedwali la simu lilikuwa na safu sita: siku, maelezo, kiasi, sarafu, kiwango, na shilingi. Sarafu iliandikwa kwa herufi tatu, TZS, USD au MZN, na mistari ya shilingi nayo ilipewa kiwango, yaani 1, ili usiwepo mstari wenye nafasi tupu. Nafasi tupu ikizidishwa inatoa sifuri, na sifuri hailalamiki. Mistari ilikuwa 20, kuanzia safu mlalo ya 2 hadi ya 21.

```
F2:  =C2*E2
F22: =SUM(F2:F21)
C24: =SUMIF(D2:D21,"MZN",C2:C21)
```

Fomula ya kwanza inanakiliwa kushuka chini hadi F21. Usijumlishe safu ya C hata kwa kujaribu. Itakupa 197,665, namba iliyochanganya shilingi, dola 40 na metikali, na kwenye skrini inaonekana ya kawaida kabisa. Fomula ya tatu ni ya ukaguzi: inahesabu metikali peke yake. Jibu lake lilikuwa 7,625, ambayo ni 8,125 zilizoingia kutoa 500 zilizorudishwa. Likitofautiana, kuna mstari wa metikali uliosahaulika au uliopewa sarafu isiyo yake, na utaujua kabla hata ya kugusa viwango.

Matokeo: mistari ya shilingi 188,000. Dola 40 kwa 2,625, shilingi 105,000. Metikali za fungu la kwanza 5,000 kwa 44, shilingi 220,000. Za fungu la pili 2,625 kwa 42, shilingi 110,250. Hasara ya kurudisha 2,000. Jumla ya safari, shilingi 625,250. (Hiyo 2,625 imetokea mara mbili kwa bahati tu, mara moja ikiwa kiwango cha dola na mara moja ikiwa kiasi cha metikali, na ndiyo maana kila namba inahitaji jina la sarafu pembeni yake.)

Kisha mfuko. Tulianza na 700,000. Zilitoka 236,250 za dola, 220,000 za metikali na 188,000 za matumizi, zikarudi 19,000. Zinatakiwa kubaki 74,750, na ndizo zilizokuwemo. Ukitoa 74,750 kwenye 700,000 unapata 625,250 ileile. Mkutano huu unawezekana tu kwa sababu kila kiasi kilibadilishwa kwa kiwango kilicholipwa kweli. Kiwango cha kwenye simu hukaa katikati ya kununua na kuuza, bei ambayo hakuna aliyekuuzia, na jumla yake haitagusana na noti zilizobaki. Ukitumia kile 38 cha kurudishia kwa metikali zote ndiyo mbaya zaidi: matumizi ya metikali yanashuka hadi shilingi 289,750, pungufu ya 40,500, na mwenye kushika mfuko ataonekana amekula hela.

Kugawanya kwa wawili ni 312,625 kila mmoja. Kwa kuwa shilingi 25 haina sarafu ya kuilipa, mmoja alibeba 312,650 na mwenzake 312,600. Kukadiria kunafanyika hapa mwisho, mara moja. Ukikadiria kila mstari kwa mia iliyo karibu, mistari ishirini inaweza kukupotosha hadi shilingi elfu moja bila mstari wowote kuonekana mbaya.

Jumla na mfuko vikikataa kukutana, angalia kwanza tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta namba iliyopinduliwa wakati wa kuchapa: 47,400 ikiandikwa 74,400 inaleta tofauti ya 27,000. Ikiwa ni metikali za mstari mmoja mara 2, mstari huo umepewa 44 badala ya 42, au kinyume chake. Na ikiwa ni kubwa kupita kiasi, karibu sawa na gharama nzima ya malazi, rudi kwenye risiti yenye nukta.